Hisa imeshuka sababu ya gawio au watu wanauza kweli?

Swali: Kaka, nimerudi nyuma kwenye chati ya Microsoft mpaka Novemba 2004, kuna gepu kubwa la kushuka na RSI ikaanguka nayo, ila sijaona habari mbaya yoyote. Nani alikuwa anauza vile?

Jibu: Hilo gepu ni gawio, ndugu yangu. Mwaka ule Microsoft walitoa gawio maalumu la dola 3 kwa kila hisa, juu yake senti 8 za kawaida za robo mwaka, jumla dola 3.08. Aliyenunua Ijumaa tarehe 12 anazipata, aliyenunua Jumatatu tarehe 15 hazipati, sasa huyu wa Jumatatu hawezi kulipa bei ileile wakati hela imeshatengwa kwa mwenzake.

Piga hesabu hivi:

```
29.97 - 3.08 = 26.89
```

29.97 ndo bei iliyofunga Ijumaa, kwa hiyo Jumatatu hisa ikikaa 26.89 maana yake hakuna kilichotokea kabisa. Ilifunga 27.39. Yaani kwenye chati unaona imeshuka zaidi ya asilimia 8 ukadhani wauzaji wameingia, kumbe wanunuzi wameisukuma senti 50 juu ya pale ilipotakiwa kuwa! Mimi kila gepu la kushuka nalipima na bei hiyo iliyokatwa gawio, siyo na bei ya jana. Ikifunga chini yake kwa mbali wakati soko zima limetulia, halafu siku zinazofuata inaendelea kuteleza, hapo ndo nasema watu wanauza. Senti chache juu au chini usizihangaikie, kodi na mwendo wa kawaida wa soko vinatosha kuzileta, na gawio la senti 8 peke yake kwenye hisa ya dola 30 hata hulioni.

Kwenye TradingView tafuta alama ya D chini ya chati, kisha bonyeza `ADJ`, gepu litajifuta na RSI yako itatulia. Yahoo Finance wana safu mbili, `Close` na `Adj Close`, hiyo ya pili ndo imekatwa gawio. Ila angalia hapa, maana wengi wanaumia: chati iliyorekebishwa inashusha bei zote za nyuma, ile 29.97 utaikuta imeandikwa namba ndogo zaidi ambayo siku ile haikuuzwa kamwe, kwa hiyo indiketa zisome kwenye `ADJ` lakini sapoti na sehemu ya kuweka oda rudi kwenye bei halisi.

Na stopu yako. Ungekuwa na stopu ya kuuza kwenye 28 Ijumaa ile, gepu lingeweza kukutoa Jumatatu bila mtu yeyote kuikimbia hisa. Marekani stopu za namna hiyo kwa kawaida zinashushwa kwa kiasi cha gawio asubuhi ya siku hiyo, lakini muulize broka wako kama anafanya hivyo, na kama hafanyi ishushe mwenyewe jioni ya kuamkia siku hiyo.