Namba 9 haikuvunja kauli ya msichana yule

Mwalimu mwenzangu uliyeanza kufunza hesabu muhula huu, siku moja mwanafunzi wako ataleta kauli aliyoigundua mwenyewe, na kabla hajaketi mwenzake atapaaza sauti kwamba ana mfano wa kuivunja. Usikimbilie dasta. Mimi niliikimbilia, nikakosea.

Ilikuwa kidato cha pili, hapa Kisumu, kipindi cha mwisho kabla ya chamcha. Msichana mmoja alisema, "Mwalimu, ukichukua namba tasa yoyote, uizidishe kwa yenyewe, kisha utoe 1, jibu linagawanyika kwa 24." Alikuwa amejaribu 5 akapata 24, 7 akapata 48, na 11 akapata 120. Mvulana wa nyuma akaruka: "9! 9 mara 9 ni 81, toa 1 ubaki na 80. 80 haigawanyiki kwa 24!" Darasa likashangilia, nami nikafuta.

Hesabu ya mvulana ilikuwa sawa. Ila 9 ni 3 mara 3, si tasa, na kauli ile haikusema lolote kuhusu namba zisizo tasa. Kesho yake nilimwomba msichana radhi mbele ya darasa, nikaiandika kauli upya.

Siku hizi nauliza kwanza kama namba iliyoletwa imetimiza sharti, kisha kama jibu limekataa kweli. Mwingine alileta 17, akasema 278 haigawanyiki. Tulipozidisha pamoja, 17 mara 17 ikawa 289, si 279, na 288 ni 24 mara 12. Mwingine akaleta 25: jibu ni 624, yaani 24 mara 26, na 25 si tasa. Huo nao hauvunji kitu. Msichana alisema tasa zote hufanya hivyo. Hakusema ni tasa peke yake. Hapa ndipo wanafunzi hubishana zaidi, wape muda.

Kisha mtoto mtulivu akasema 3. Ni tasa, na jibu ni 8. Huu ulikuwa mfano wa kweli, na mmoja watosha. Namba 2 pia hutoa 3. Kauli ilivyosemwa ilianguka kwa neno "yoyote".

Tukasema "tasa yoyote inayozidi 3", lakini usikubali kiraka bila sababu. Sababu ni hii:

```
n² − 1 = (n − 1)(n + 1)
```

Tasa inayozidi 3 ni witiri, kwa hiyo jirani zake wawili ni shufwa zinazofuatana. Mmoja wao hugawanyika kwa 4, na wakizidishwa hugawanyika kwa 8. Tena, kati ya namba tatu zinazofuatana moja hugawanyika kwa 3, na si n, basi ni jirani. 8 na 3 hazina kigawo cha pamoja isipokuwa 1, hivyo twapata 24. Namba 2 si witiri, na 3 yenyewe ndiyo inayogawanyika kwa 3; ndiyo maana zote mbili zimebaki nje.

Msichana alitazama ubao, akaona utasa tuliutumia tu kusema kwamba n haigawanyiki kwa 2 wala kwa 3. Akaandika: namba yoyote isiyogawanyika kwa 2 wala kwa 3. Mvulana wa 9 akauliza, "Na 1 je?" Jibu ni 0, nayo ni 24 mara 0.