Kusawazisha folda kati ya vifaa vyako mwenyewe: pale inaposhinda hifadhi ya mtandaoni

"Wakuu, nina kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato na simu, na nimechoka kulipia hifadhi ya mtandaoni kila mwezi. Kuna anayesawazisha folda moja kwa moja kati ya vifaa vyake? Inafaa lini, na inakwamia wapi?"

Ndugu, huu ni mwaka wangu wa nne nikitumia Syncthing, programu huria isiyo na akaunti wala ada. Kazi yangu ni kupiga picha za harusi, na harusi moja hunipatia takriban gigabaiti 40. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde, mzigo huo huchukua karibu saa 18 kufika kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha kompyuta ya pili nayo itumie bando kuushusha tena. Vifaa vyote viwili vikiwa kwenye ruta moja nyumbani, kwangu faili husafiri kwa takriban megabaiti 20 kwa sekunde, hivyo kazi yote huisha kwa muda wa nusu saa na ushei bila kugusa bando. Kama mafaili yako ni makubwa na vifaa hukutana mara kwa mara chini ya paa moja, sioni sababu ya kuyazungusha kwenye seva ya mtu.

Kila kifaa hujitengenezea kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu, na hakuna kinachosafiri mpaka kila upande uwe umemkubali mwenzake. Vikiwa mbali, vifaa hupatana kupitia seva za umma za kuulizia anwani. Vikishindwa kuunganika moja kwa moja, data hupitia seva ya kupokezana ikiwa imefungwa kwa usimbaji, kwa hiyo mwenye seva hawezi kuisoma, ila mwendo huwa wa kobe.

Hapo ndipo nilipoliwa bando mara ya kwanza, nikiwa sebuleni kwangu. Kompyuta ya mezani ilikuwa kwenye waifai ya kawaida na mpakato kwenye waifai ya wageni, ambayo ruta yangu huitenga ili vifaa vyake visionane na vingine. Picha zikawa zinatoka nje ya nyumba na kurudi. Ili kujua njia inayotumika, fungua ukurasa wa programu kwenye kivinjari, `http://127.0.0.1:8384`, kisha utazame aina ya muunganisho chini ya jina la kifaa. `TCP LAN` ni njia ya ndani, na `Relay WAN` maana yake unapitia seva ya kupokezana.

Jambo linalowaumiza wengi ni ufutaji, kwa sababu ukifuta upande mmoja, upande wa pili nao hufuta. Programu ina njia ya kutunza matoleo ya zamani, lakini haiwashwi mpaka uiwashe mwenyewe, na hutunza tu mabadiliko yaliyotoka kifaa kingine. Mimi niliiwasha kwenye mpakato peke yake nikadhani nimemaliza. Jioni moja nikafuta kwenye mpakato huohuo folda ya harusi ambayo bado sijaikabidhi. Mpakato haukutunza kitu kwa kuwa ufutaji ulifanyikia hapohapo, na mezani nako hakukuwa na matoleo. Kilichoniokoa ni kadi ya kamera ambayo sikuwa nimeifuta. Siku hizi kila kifaa kina `Trash Can File Versioning` ya siku 60, na kinachofutwa kutoka upande wa pili hukaa kwenye folda iliyofichwa iitwayo `.stversions`.

Kikwazo kingine ni kwamba vifaa viwili lazima viwe vimewashwa kwa wakati mmoja. Ukihariri orodha ya wateja kwenye mpakato huku kompyuta ya mezani imezimwa, kisha ukaihariri tena mezani kabla havijakutana, utakuta mafaili mawili, na lenye tarehe ya mabadiliko ya zamani zaidi litakuwa limebadilishwa jina hivi:

```
wateja.sync-conflict-20240316-201542-K7MQ2XA.xlsx
```

Hakuna kilichopotea, ila kuyaunganisha ni kazi ya mikono yako. Mimi nilinunua kompyuta kuukuu ndogo inayowaka usiku na mchana, ikawa mahali pa wote kupatania. Kwenye simu, mfumo wa Android hupenda kuizima programu ili kuokoa betri, kwa hiyo iondoe kwenye vizuizi vya betri. Programu rasmi ya Android ilisitishwa mwishoni mwa 2024, na watu wengi wamehamia `Syncthing-Fork`.

Hifadhi ya mtandaoni bado naitumia kwa mambo mawili. Mteja akitaka picha, namtumia kiungo, maana siwezi kumwambia bibi harusi asakinishe programu na kubadilishana vitambulisho. Pia picha zilizokwisha kuhaririwa, gigabaiti 3 au 4 kwa kila harusi, nazipandisha usiku, kwa kuwa kompyuta zangu zote tatu ziko nyumba moja na mwizi hatabagua.