Kuinua visigino: kwa nini goti likikunjwa kazi inahamia msuli mwingine

Hapa Mwanza, wakimbiaji wanaopanda kilima cha Bugando na wapagazi wa magunia ya dagaa pale Mwaloni Kirumba huwa na vigimbi vinavyoonekana vigumu, na bado wengi wao hulalamika kuchoka au kubana sehemu ya chini ya kigimbi, karibu na kano ya kisigino. Wakija jimu wanainua visigino wakiwa wamesimama, basi. Zoezi hilo ni zuri, ila humo msuli wa ndani unagawana kazi na msuli wa juu.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa. Wa juu, ule unaotuna ukisimama kwa vidole, unaitwa gastroknemiusi. Una vichwa viwili, na vyote vinaanzia kwenye mfupa wa paja, juu kidogo ya goti. Chini yake umelala soleusi, mpana na bapa, nao unaanzia kwenye mifupa ya muundi, chini ya goti. Yote miwili inaishia kwenye kano moja ya kisigino. Kwa hiyo gastroknemiusi unapita viungo viwili, goti na kifundo cha mguu, ilhali soleusi unapita kifundo peke yake.

Hapo ndipo goti linapoamua. Ukilikunja, ncha mbili za gastroknemiusi zinasogeleana na msuli unalegea. Ni sawa na kuvuta wavu ziwani wakati kamba imelegea: mikono inavuta, lakini wavu hausogei mpaka ulegevu uishe. Msuli una kiasi chake cha kujifupisha, na ukikimaliza kwenye ulegevu, nguvu inayofika kisiginoni ni ndogo. Soleusi haujui goti limekaaje. Urefu wake haujabadilika, basi mzigo unaubeba wenyewe.

Kinyume chake si kweli. Goti likinyooka, soleusi haupumziki, yote miwili inafanya kazi pamoja. Jaribio moja la wiki 12 lililinganisha zoezi la kusimama na la kuketi: gastroknemiusi ulikua zaidi sana kwa kusimama, na soleusi ulikua karibu sawa kwa njia zote mbili. Kwa hiyo anayetaka kigimbi kinene na ana muda wa zoezi moja tu, asimame. La kuketi tunalipendekeza kwa anayetaka kuupa soleusi kazi ya ziada, hasa wa kupanda milima, kwa sababu mlimani unausukuma mwili goti likiwa bado limekunjika.

Tatizo kubwa la zoezi la kuketi ni uzito. Mtu wa kilo 70 akisimama kwa miguu miwili, kila mguu unabeba kilo 35. Kwa mguu mmoja ni kilo 70. Akiketi na kuweka dumu la maji la lita 20 juu ya magoti yote mawili, kila mguu unapata kilo 10 tu na uzito kidogo wa mguu wenyewe. Atafanya mara 40 asisikie kitu, kisha aseme zoezi halifai. Afanye mguu mmoja mmoja, na atumie mfuko wa mchanga mkavu: lita 20 za mchanga hukaribia kilo 30, na mfuko haumuumizi paja kama dumu. Mfuko ukae mwisho wa paja, nyuma tu ya kifupa cha goti. Ukirudi katikati ya paja, karibu nusu ya uzito inabebwa na kiti.

Keti kwenye benchi linalofanya goti likunjike nyuzi 90, mbele ya mguu ikiwa juu ya tofali lililotulia na kisigino kikining'inia. Panda kwa sekunde 2, shuka kwa sekunde 3, tulia chini sekunde 1 kabla ya kupanda tena. Usipotulia, kano inakurusha juu kama mpira na msuli unapunguziwa kazi. Seti 3 za mara 15 hadi 20 kwa kila mguu, mara mbili kwa wiki. Ukifikisha 20 kwa urahisi, ongeza mchanga. La kusimama liwe mara 8 hadi 12 kwa mguu mmoja, ukishika ukuta.

Kosa la kuketi ni kusogeza tofali mbele: goti linafunguka, na gastroknemiusi unarudi kazini. La kusimama ni kukunja goti pale uchovu unapoanza, ili paja lisaidie. Jipapase ujue. Goti likinyooka, sehemu ya juu ya kigimbi inakuwa ngumu kama jiwe. Likikunjwa nyuzi 90, sehemu hiyo inabaki laini zaidi, na ugumu unausikia chini yake, pembeni mwa kigimbi pande zote mbili. Ukiwa umeketi na juu bado ni kugumu, rudisha tofali nyuma mpaka kifundo kikae chini ya goti.

Ukisikia mlio wa ghafla kisiginoni na nguvu za kusukuma zikaisha, acha zoezi na uende hospitali siku hiyohiyo.