Chumba kisicho na mlango

Ijumaa iliyopita mama mmoja mwenye gesti pale Iringa alinipigia simu. Tukaamkiana "kamwene", akaniuliza habari za baridi ya Mbeya, kisha akasema taratibu: "Mwanangu, hivi mgeni wangu ataingilia wapi?" Sikumwelewa. "Chumba namba nne," akasema. "Kwenye picha yako hakina mlango."

Nilifungua kompyuta nikaitazama ile picha niliyokuwa nimeisifia moyoni wiki nzima. Mama alikuwa sahihi.

Chumba chenyewe ni kidogo: kitanda, meza, na kabati ambalo mlango wake mzima ni kioo. Kutoka kwenye kabati mpaka ukuta wa mlango ni kama mita 3. Nilikuwa nimesimama mita 2 mbele ya kioo, mgongo nimeupa mlango, nikajiona humo ndani na kamera usoni na fulana yangu ya kijani. Nikajiambia maneno ambayo kila mpiga picha mvivu hujiambia: nitajifuta nyumbani. Nyumbani nikafungua GIMP, nikashika `Clone`, nikachota rangi ya ukuta kutoka pembeni na kujipaka nayo mpaka nikaisha. Karibu na bega langu kulikuwa na mstari mweusi uliosimama wima. Nikadhani ni uchafu wa kioo, nikaufuta pia. Ule mstari ulikuwa fremu ya mlango.

Kosa langu ndilo nataka tulizungumze, maana najua wengi wenu mnapiga vyumba vya gesti na saluni na mnalirudia kila siku. Aliyeko kwenye kioo hajasimama mbele ya ukuta mtupu. Amekiziba kitu fulani, na kitu hicho kipo kweli chumbani. Ukimwondoa, lazima ukirudishe alichokiziba. `Clone` haijui nyuma yako kulikuwa na nini. Inarudia tu kile ulichoionyesha.

Aibu yangu haikuishia hapo. Ili kuokoa nauli nilimwomba mhudumu anitumie picha ya ule mlango kwa simu. Nikaikata, nikaibandika ndani ya kioo, nikairudisha Iringa kifua mbele. Baada ya dakika kumi simu ikaita. Mlangoni pale kuna karatasi ya masharti, na kwenye picha yangu maandishi yake yalikuwa yamenyooka, unasoma vizuri kabisa. Kioo gani hicho? Kitasa nacho kilikuwa kimehamia upande wa pili. Ukiutazama mlango ule ana kwa ana, kitasa kiko kuliani kwako. Ukiutazama kupitia kioo, kiko kushoto. Nilipaswa kuigeuza picha kwa `Flip Horizontally` kabla ya kuibandika, jambo la sekunde moja, na nilisahau.

Hata baada ya kuigeuza ilikataa kukaa. Mlango ule ulikuwa msafi mno. Kioo cha kawaida hupunguza mwanga kidogo na kuongeza ukijani hafifu, hivyo kila kilichomo ndani yake hufifia kuliko kilichoko nje. Ukali nao ulikuwa tofauti. Mlango wa ndani ya kioo hauko mita 2 kutoka kwenye kamera, uko mita 5: mita 2 kufika kwenye kioo, na 3 kutoka kioo hadi mlangoni. Mimi nilikuwa nimelenga shuka za kitanda, kwa hiyo mlango ulitakiwa uwe laini kidogo. Mama hakuyajua yote hayo. Alisema tu, "Huo mlango kama umebandikwa," na neno hilo lilinichoma kuliko kukatwa nusu ya malipo, ambayo pia alikata.

Jumatatu nikapanda basi. Njiani Makambako nikanunua mahindi ya kuchoma ambayo hayakuiva, lakini hayo tuyaache.

Safari hii nilitumia stendi ya kamera. Nilifunga mwanga na rangi ya kamera visibadilike, nikapiga picha ya kwanza nikiwa palepale pa zamani. Kisha nikaisogeza stendi pembeni karibu sentimita 70, umbali uleule wa mita 2 kutoka kwenye kioo, bila kuigeuza kamera hata kidogo, nikapiga ya pili. Kwenye picha ya pili bado nimo, ila nami nimehama, na mlango niliokuwa nimeuziba sasa unaonekana wazi. Tena unaonekana kupitia kioo chenyewe: tayari umegeuzwa, ukijani wake upo, ulaini wake upo. Kwa kuwa kamera haikugeuzwa na umbali haukubadilika, mlango una ukubwa uleule kwenye picha zote mbili. Kazi iliyobaki ni kuiweka picha ya pili juu ya ya kwanza, kuitelezesha mpaka fremu za mlango zikutane, kisha kuificha yote isipokuwa pale nilipokuwa nimesimama kwenye picha ya kwanza, bila kuvuka ukingo wa kioo. Ilinichukua dakika kumi na tano. Siku ya kwanza nilijipaka rangi saa mbili nzima.

Kwa nini sentimita 70? Mwili wangu una upana wa kama nusu mita, na kivuli chake cha kuziba hupanuka kidogo kinapofika ukutani nyuma yangu, kikawa kama sentimita 60. Ukisogea pungufu ya hapo, picha mbili zitaziba sehemu moja, na utarudi kwenye kupaka. Usijaribu pia kuchukua kitanda kutoka picha ya pili. Kuteleza kwa namna hii hukubali kwa ukuta na mlango tu, vitu bapa vilivyo sambamba na kioo. Kitanda kiko karibu zaidi, kinahama kwa kiasi kingine, na ukikilazimisha utapata mto wenye kingo mbili.

Mhudumu naye nilimkuta kwenye picha, amesimama kando ya dirisha na ndoo, akiamini kabisa kwamba hayumo kwa sababu kamera haikumwelekea. Nilimwambia: dada, ukiiona lenzi kwenye kioo, ujue nayo inakuona. Akacheka, akatoka. Huyo hakuhitaji kompyuta.

Na ninyi vijana mnaonitumia kazi zenu mkitaka nizisifie, acheni kukimbilia kompyuta. Kabla ya kubonyeza, geuka nyuma utazame unaziba nini. Jaribu kusogea mpaka utoke nje ya upana wa kioo, kamera ikiwa bado imeuelekea ukuta moja kwa moja, upige pana kisha ukate pembeni. Chumba kikiruhusu, hutakuwa na cha kufuta. Chumba namba nne hakikuruhusu, kabati limebanwa kati ya kitanda na ukuta.

Kabla sijaondoka nilimwonyesha mama picha kwenye kompyuta. Akatazama kitasa, karatasi, fremu. Akaridhika, akanipa nusu iliyobaki. Nauli haikuwemo na sikuidai, ingawa nimeikumbuka kila siku tangu hapo. Nilipokuwa nafunga begi akaniita tena, kidole chake kikiwa kwenye birika la umeme juu ya meza, lile la chuma linalong'aa.

"Huyu wa fulana ya kijani humu ni nani?"