Usiondoke kimya: taja saa ya kurudi

Swali: "Mimi na mume wangu tukigombana tunapigiana kelele hadi usiku. Nimeshauriwa nikikasirika niondoke tu, nisiseme kitu mpaka apoe. Je, inasaidia? Na hiyo ya kuongea kwa zamu inafanyikaje?"

Usiondoke kimya, dada. Mimi nilipewa ushauri huo huo neno kwa neno, na ulituumiza kuliko kelele zote tulizowahi kupigiana.

Nilikuwa nimemkopesha mdogo wangu pesa za akiba bila kumwambia mke wangu. Mama Salma akagundua. Akauliza, nikajitetea, akapandisha sauti, nami nikapandisha zaidi. Ndipo nikakumbuka ushauri: nikainuka akiwa bado anazungumza, nikatoka nje. Niliporudi amelala. Asubuhi nikamsalimia kana kwamba hakuna lililotokea, nikiamini nimeishinda hasira. Lakini yeye aliona mtu aliyekataa kumjibu.

Madhara yake yalijitokeza kwenye ugomvi uliofuata. Alianza kwa sauti ya juu tangu neno la kwanza, tena amesimama mlangoni, kwa kuwa alishajua kwamba muda wowote nitatoweka. Kadiri nilivyowahi kuondoka, ndivyo naye alivyowahi kuwaka, na kadiri alivyowaka ndivyo nilivyozidi kukimbia. Suala la pesa halikuguswa tena. Tulikuwa sasa tunagombania mlango.

Aliyenishauri ni mtu mzima anayeheshimika kwa kusuluhisha ndoa za watu, na mpaka leo nina hasira naye. Alinifundisha kutoka, hakunifundisha kurudi. Watu wanaotoa ushauri nusu kisha wanakwenda zao kulala wakijua wewe ndiye utakayebaki na mwenzio, hawajui wanachoharibu.

Kusimama kwenyewe, yaani kusitisha ugomvi kwa muda, kuna maana. Mtafiti wa ndoa John Gottman, aliyepima mapigo ya moyo ya wanandoa wakiwa wanabishana, anaeleza kwamba mapigo yakipita takriban 100 kwa dakika mtu hasikii tena anachoambiwa vizuri, na mwili unahitaji angalau dakika 20 kutulia. Lakini dakika hizo ukizitumia kupanga majibu makali, unarudi vile vile ulivyotoka. Soma kitu, fua nguo, tembea.

Kanuni yetu sasa ni moja: anayeomba kusimama ndiye anayetaja saa ya kurudi, na ndiye anayeanza kurudi. Mara ya kwanza tulipoijaribu, habari ya pesa ilikuwa imezuka upya. Nilihisi masikio yanawaka moto, nikasema, "Mama Salma, nimejaa. Sitaki kukujibu vibaya. Saa 3:30 nitakuwa hapa hapa tuendelee." Akanijibu, "Usiporudi, Baba Salma, nitajua ni yale yale." Nikaenda kupanga makabati. Saa 3:30 ilipofika bado sikuwa na hamu ya kuongea, lakini nilirudi nikakaa.

Tukachukua kalamu. Mwenye kalamu anasema, asiye nayo anasikiliza. Alianza yeye: "Nilipogundua, niliona kwamba mimi si mtu wa kuulizwa humu ndani." Kazi yangu ilikuwa kurudia nilichosikia, bila kujitetea. Nikasema, "Unaona nilikosea kumpa mdogo wangu." Akatikisa kichwa: "Sikusema hivyo. Sina neno na shemeji." Nikajaribu tena: "Kilichokuuma ni kwamba sikukuuliza." Akasema ndiyo, akanipa kalamu. Nami nikaeleza kwamba nilijua angekataa, nikaogopa kumwangusha mdogo wangu. Naye akairudia kwa maneno yake. Muda wote ule nilikuwa natetea mkopo ambao yeye hakuupinga kabisa!

Msiongee mambo matatu kwa kalamu moja. Mwenye zamu aseme sentensi mbili tatu, azungumzie lililomgusa yeye, si tabia ya mwenzake tangu mwaka wa arusi. Na msikimbilie suluhisho kabla kila mmoja hajakiri kwamba ameeleweka. Sisi tuliafikiana siku iliyofuata: pesa ya akiba haitoki bila wote wawili kujua.

Mkielewana kuhusu kanuni hii, elewaneni mkiwa mmetulia, si katikati ya moto, kwa sababu neno "nimejaa" likisikika kwa mara ya kwanza kwenye ugomvi litaonekana ujanja wa kukwepa. Muda ukiisha na bado umejaa, rudi useme hivyo uso kwa uso na utaje saa nyingine, isiyozidi kesho yake.

Ila kama unamwogopa, kama amewahi kukupiga au kukuzuia kutoka, achana na kalamu na saa za kurudi. Hapo ondoka uende kwa mtu unayemwamini.