Miwani yenye namba sahihi inapokataa kusoma: angalia mwinamo wa lenzi

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Dodoma, na kwa miezi mitatu nilisahihisha madaftari huku nimeinua kidevu kama mtu anayechungulia juu ya ukuta. Nilikuwa nimetengenezewa miwani ya progresivu, ile ambayo lenzi moja inaonea mbali juu na kusomea chini. Mbali niliona vizuri. Kwenye daftari nilipata kijidirisha chembamba tu katikati: nikisoma mwanzo wa mstari, mwisho wake una ukungu, hivyo nikawa nageuza kichwa kushoto na kulia usiku kucha. Kufikia daftari la kumi macho yalikuwa mazito na shingo inauma.

Nilirudi kupimwa. Namba zilikuwa sahihi. Nikaambiwa nitazoea.

Aliyegundua tatizo ni fundi miwani mmoja niliyempelekea skrubu iliyolegea. Hakuniangalia usoni, alisimama ubavuni kwangu. "Mwalimu, lenzi zako zimesimama wima kama mlango," akasema. Akanipa karatasi yenye maandishi madogo, akaweka kidole chini ya fremu na kuisukuma polepole kuelekea mashavuni. Kile kijidirisha kikapanuka palepale.

Wataalamu wanauita mwinamo wa pantoskopiki: ukingo wa chini wa lenzi huwa karibu na mashavu kuliko ukingo wa juu ulivyo karibu na nyusi. Kwa watu wengi unaofaa ni kama digrii 8 hadi 12. Tunaposoma, jicho linazunguka kuelekea chini, na lenzi iliyoinama inakutana na macho yetu karibu uso kwa uso. Ikisimama wima, tunaitazama kwa mshazari.

Kwenye progresivu kuna jambo la pili, nalo ndilo lililonitesa. Sehemu ya kusomea iko milimita 18 hivi chini ya mboni. Piga hesabu: kwa mwinamo wa digrii 10, sehemu hiyo inasogea karibu na jicho kwa milimita 3 kuliko lenzi ikiwa wima. Ni kidogo, lakini lenzi yenyewe kwa kawaida inakaa milimita 12 hadi 14 tu kutoka kwenye jicho. Chungulia nje kupitia tundu la ufunguo, kisha rudi nyuma kidogo. Utaona uwanja unavyopungua.

Nyumbani nilitaka kuhakikisha. Nilisimama wima nikitazama mbele, binti yangu akanipiga picha ya ubavuni kwa simu, iliyo sawa na usawa wa macho. Nikaweka protrakta ya mkebe wa hesabu juu ya picha: digrii 1, labda 2. Baada ya fundi kupasha moto kona za fremu, pale mikono inapoungana na mbele, na kuikunja taratibu pande zote mbili, tulipima tena tukapata 10. Jioni ile nilisoma mstari mzima bila kugeuza kichwa.

Usikunje mwenyewe, hasa juu ya moto wa jiko. Plastiki inavunjika, lenzi inachomoka, au upande mmoja unazidi mwingine na lenzi moja inakuwa juu ya nyenzake. Ili kukagua kazi ya fundi, pindua miwani juu chini mezani mikono ikiwa wazi: ncha zote mbili ziguse meza.

Kuinamisha kupita kiasi nako kuna madhara. Fremu itagusa mashavu ukicheka, na kwa joto letu la Oktoba jasho litakaa hapo. Kibaya zaidi ni kwa mwenye namba kubwa. Lenzi ya minasi 6 iliyoinama digrii 15, bila kituo chake kushushwa, inaongeza karibu nusu namba, yaani nusu daiopta, ya astigmatizimu ambayo jicho halikuihitaji, na herufi zinaanza kuvutika. Ndiyo maana kwenye lenzi zisizo za progresivu, zenye namba ileile juu hadi chini, mafundi hushusha kituo cha lenzi milimita 1 kwa kila digrii 2 za mwinamo. Mwenye namba 1 au 2 huenda asihisi kitu.

Kosa langu lilianza siku ya kuchukua vipimo. Fremu ilitolewa kwenye boksi, ikawekwa usoni jinsi ilivyo, mboni zikapigwa alama. Utaratibu unaofaa ni kuirekebisha fremu kwanza, puani, masikioni na kwenye mwinamo, ndipo fundi aweke alama ya mboni kwa kalamu kwenye plastiki ya maonyesho iliyomo ndani yake. Lenzi zinakatwa baada ya hapo. Mke wangu alipoenda kutengenezewa yake mwezi uliopita, niliomba fundi asimame ubavuni kwake kabla ya kushika kalamu. Fremu ile ilihitaji kukunjwa.