Mtoto wa mafunzo ana jina, mimi nina stoo

Swali la wiki: Unapowaandikia watu wengi barua pepe moja, na kati yao wamo wakubwa na wadogo kwa vyeo, je, huanza kwa "Ndugu wote", kwa "Habari timu", au kwa kuwataja majina?

Ndugu Mhariri,

Wewe ni mmoja, kwa hiyo salamu yako haikunipa tabu. Kilichonipa tabu ni kwamba mmeuliza kuhusu vyeo tu, na kwetu Tanga cheo ni nusu ya hesabu. Nusu ya pili ni umri, na mara nyingi nusu hizo mbili hazikai kwa mtu mmoja. Nilifanya kazi ya utawala kwa miaka 19 katika ofisi moja iliyo karibu na bandari, iliyokuwa ikishughulika na kusafirisha katani, na humo meneja alikuwa na umri wa miaka 36 ilhali mtunza ghala alikuwa na miaka 57. Asubuhi walipokutana getini, meneja ndiye aliyeamkia na mtunza ghala ndiye aliyeitikia marahaba. Saa moja baadaye mtunza ghala ndiye aliyesimama mbele ya meza ya meneja akisubiri saini. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kila heshima ilikuwa na mahali pake. Shida huanza pale heshima hizo mbili zinapolazimishwa kukaa katika mstari mmoja wa barua pepe.

Kwa miaka mingi nilikuwa mtu wa majina. Niliona kwamba kumwandikia mtu "Ndugu wote" ni kama kumwita kwa kipaza sauti cha gari la matangazo, na kwamba mtu aliyelelewa vizuri humsalimu kila mmoja kwa zamu yake, kama tufanyavyo tunapoingia barazani. Hadi leo sijaacha kabisa kuamini hivyo. Lakini naomba nieleze Ijumaa moja ya mwaka 2013.

Siku iliyofuata, Jumamosi, tulipaswa kuhesabu marobota yote ghalani kabla mzigo haujapakiwa. Meneja aliniagiza niwaandikie wahusika, ambao walikuwa tisa. Ili nisimsahau mtu, nilichukua karatasi ya mahudhurio ya kikao kilichopita na kuyafuata majina kama yalivyokuwa yameandikwa: meneja, mhasibu, afisa usafirishaji, na kuendelea. Kijana aliyekuwa kwetu kwa mafunzo kwa vitendo, ambaye hata miezi miwili alikuwa hajaimaliza, alikuwa amesaini wa nane, nami nikamweka wa nane. Mtunza ghala hakuwamo kwenye karatasi ile kwa sababu siku ya kikao alikuwa akipokea mzigo. Nilimkumbuka mwishoni. Hapo mkono wangu ukasita, kwa sababu tangu nianze kazi sikuwahi kumwita mzee yule kwa jina lake tupu, na kuweka "Ndugu" mbele ya jina la mtu anayelingana na baba yangu mdogo kulinitia haya. Basi wenzake wanane niliwaandika kwa majina yao mawili mawili, naye nikamwandika "na Mzee wetu wa stoo". Nilidhani nimempa heshima kuliko wote. Nikamalizia, "Naomba mfike saa mbili kamili asubuhi na mniletee takwimu kabla ya saa saba mchana," kisha nikatuma.

Baada ya robo saa likaja jibu lake, nalo alilituma kwa wenzake wote wanane na kwangu. Lilikuwa neno moja: "Marahaba."

Msomaji aliyekulia huku hahitaji kuelezwa. Marahaba hutolewa kwa aliyeamkia, na mimi sikuwa nimemwamkia mtu. Barua ilianza kwa majina na kuingia moja kwa moja kwenye marobota. Mtu mzima akimwitikia marahaba mtoto aliyepita bila kumwamkia, hiyo ni adabu anayofundishwa mtoto mbele za watu. Mhasibu, ambaye ni mtu wa bara, alikuja kuniuliza kwa nini mzee anajibu salamu ambayo haipo. Nikamwambia kwamba ndiyo maana anajibu.

Jioni ile nilimfuata ghalani kabla hajapanda baiskeli yake kurudi Makorora. Nikamwamkia. Akaniuliza kama shikamoo ile ilikuwa ya jioni au ilikuwa ya deni. Nikaanza kujitetea kuhusu mpangilio, kwamba nilifuata karatasi ya mahudhurio, na kwamba kumtanguliza kijana wa mafunzo hakukuwa kusudi langu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. "Mwanangu, mimi kuwa wa mwisho kwenye orodha ya kazi sikatai, ndiyo kazi yangu ilivyo. Lakini mtoto wa mafunzo ana jina, na jina la baba yake pia umeliandika. Mimi nina stoo." Akaongeza kwamba ningemwandika wa mwisho kwa jina lake, asingeandika chochote.

Jumamosi alifika kabla ya saa mbili, akafungua ghala, na kuhesabu kukaenda bila kasoro. Kilichoharibika ni kingine. Ilipofika saa saba hakuna aliyeniletea takwimu. Afisa usafirishaji alidhani atazileta mhasibu, mhasibu alidhani zitatoka ghalani, na Mzee alisema, kwa haki kabisa, kwamba barua ilisema "mniletee" na yeye hakuona ni nani kati ya watu tisa aliyeambiwa. Majina yote nilikuwa nimeyamaliza juu kwenye salamu, mahali ambapo hayakuwa na kazi ila kupangana, na chini kwenye agizo, ambako jina lilihitajika, sikuacha hata moja.

Baada ya hapo nilijaribu njia nyingine, na nyingi nikaziacha upesi. "Habari timu" ni salamu ya nahodha. Meneja akiiandika anaeleweka, na wapo wanaoipenda kwa sababu inawashusha wakubwa na kuwapandisha wadogo kwa neno moja. Lakini mimi karani nikimwandikia bosi "timu" ninakuwa nimejivika kitambaa cha unahodha mkononi. (Isitoshe, mjini kwetu ukitaja timu watu watataka kwanza kujua kama ni Coastal Union au African Sports.) "Habari wakuu" ni tamu miongoni mwa marafiki, lakini katika ofisi yenye wakuu wa idara halisi, walio chini yao hudhani barua si yao na hawaifungui. "Wapendwa" inanukia kanisani, na "Asalaam aleikum", ingawa ina sifa kubwa ya kutobagua umri, katika ofisi ya watu wa dini mbili itakuwa imewasalimu nusu yao. "Shikamooni" hupanda tu wala haishuki, kwa hiyo haimfai yeyote katika barua inayosomwa pia na kijana wa miaka 22. Mara moja niliandika "Itifaki imezingatiwa", kama wasemavyo wazungumzaji mikutanoni baada ya kuwataja wageni wawili watatu wakubwa. Bosi alicheka sana, nami sikurudia.

Iliyobaki ni "Ndugu wote", ile ile niliyokuwa nikiidharau. Neno "Ndugu" lina historia ambayo vijana wengi hawaikumbuki. Enzi za TANU, na hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, lilitumika kwa Rais na kwa tarishi bila tofauti, na kwa kusudi hilo hilo. Siku hizi Bungeni ni "Mheshimiwa", na "Ndugu" limebaki zaidi kwenye barua za ofisi na majukwaa ya chama, lakini tabia yake ya kutompandisha wala kumshusha mtu halijaipoteza. Halibadiliki katika umoja na wingi, halina jinsia, na mzee wa miaka 57 hawezi kusema amewekwa nyuma ya mtoto, kwa kuwa hakuna mbele wala nyuma.

Kwa hiyo, kwa barua ya watu zaidi ya watatu, sasa naandika "Ndugu wote", kisha mstari mmoja wa "Habari za asubuhi", kisha shughuli yenyewe. Majina nayashusha chini, kila jina pamoja na kazi yake na saa yake: fulani atafungua ghala saa mbili, fulani atahesabu, fulani ataleta karatasi kabla ya saa saba. Hapo mpangilio unatawaliwa na kazi, na anayefungua mlango hutajwa kabla ya meneja anayesaini bila mtu kuuliza kwa nini. Walio kwenye `To` ndio ninaowapa kazi, na walio kwenye `Cc` wanapata habari tu. Nimejifunza kutomwomba kitu mtu niliyemweka kwenye `Cc`, kwa sababu ana haki ya kukaa kimya. Tena hakikisheni mmewahifadhi watu kwa majina yao kamili kwenye simu na kompyuta zenu, kwa maana jina ulilomhifadhia mtu linaweza kusafiri pamoja na anwani yake na kusomwa na wote. Nilipochunguza, niligundua kwamba mimi nilikuwa nimemhifadhi mtunza ghala kwa jina "Mzee Stoo".

Wakiwa watu wawili au watatu, majina bado ni bora, na hapo lazima uchague. Barua itakayoingia kwenye faili naipanga kwa cheo. Barua ya msiba, harusi au futari naipanga kwa umri, hata kama meneja yumo. Nikishindwa kujua, napanga kwa alfabeti, lakini njia hiyo inataka iwe desturi ya kila siku, kwani ukiitumia mara moja tu hakuna atakayeamini kwamba ni alfabeti.

Najua nimeishia upande nilioupinga mwanzoni, na sina uhakika kwamba nimeishia hapo kwa sababu ya adabu. Huenda ni kwa sababu ya usalama tu, maana "Ndugu wote" haijawahi kumletea mwandishi wake marahaba ya deni. Mzee mwenyewe, kama angeulizwa swali lenu, nadhani angepigia kura majina, na angesema wazi kwamba mwandishi anayeogopa kukosea mpangilio aulize kwanza badala ya kujificha nyuma ya neno moja linalowafunika watu wote. Alistaafu muda si mrefu baada ya hapo. Barua ya kumuaga niliiandika mimi, na ilikwenda kwa watu 26. Nilianza kwa "Ndugu wote", na katika mstari wa pili niliandika majina yake matatu.